Kuziba na kuzibuka: kahawa inafanya nini ndani ya ubongo

Wakati wa mitihani wanafunzi husema kahawa "inafukuza usingizi". Wengine husema "inatia nguvu". Vitenzi hivyo viwili vinaeleza mambo tofauti, na vyote viwili vinapotosha. Aliyefukuzwa ameondoka, aliyetiwa nguvu ameongezewa kitu. Kahawa haifanyi hili wala lile. Kitenzi kinachofaa ni kuziba, na kinyume chake, kuzibuka, nacho kina nafasi yake katika maelezo haya.

Tuanze na uchovu wenyewe. Seli za ubongo zinapofanya kazi hutumia molekuli inayobeba nishati. Molekuli hiyo ikivunjwa, mwishowe hubaki kipande kinachoitwa adenosini. Tangu tunapoamka asubuhi, adenosini huendelea kurundikana katika sehemu fulani za ubongo, tukilala, hupungua. Kwa hiyo ni kama kipimo cha muda tuliokaa macho. Lakini kuwepo kwake peke yake hakutoshi kutuchosha. Ni lazima ishike kwenye vipokezi, yaani protini zilizo juu ya seli, zenye nafasi inayolingana na umbo lake. Ikishika hapo, seli zinazotuweka macho hupunguza kazi, nasi tunaanza kusinzia.

Kafeini, dawa iliyomo ndani ya kahawa, inafanana kwa umbo na adenosini. Inaingia katika nafasi ileile, ila haitoi ishara yoyote. Ni kama ufunguo unaoingia katika tundu la kufuli bila kuzunguka: mlango haufunguki, na ufunguo wa kweli hauna pa kuingia. Adenosini bado ipo, inazidi hata kurundikana, lakini haisikiki.

Tunajuaje kwamba kazi inafanyika kwenye vipokezi? Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulitumia panya waliozaliwa bila aina moja ya vipokezi vya adenosini. Panya wa kawaida walipopewa kafeini walikaa macho. Hawa wengine walilala kama kawaida yao. Pasipo na tundu la kuziba, kafeini haina la kufanya.

Sasa tuhesabu saa. Tuseme mwanafunzi anakunywa kikombe chenye miligramu 100 za kafeini saa 12 jioni. Kwa watu wazima wengi, ini huondoa nusu ya kafeini kwa muda wa saa 5 hivi. Basi saa 5 usiku amebaki na miligramu 50, na saa 10 alfajiri 25. Akienda kulala saa 5 usiku, ni kama mtu aliyekunywa nusu kikombe kisha akapanda kitandani. Huenda akapata usingizi, lakini utakuwa mwepesi, na asubuhi atauliza kwa nini amechoka ingawa alilala. Hesabu hii haiko sawa kwa wote. Mvutaji wa sigara huondoa kafeini haraka zaidi. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, au aliye na mimba kubwa, huiondoa polepole zaidi. Ndiyo maana wawili wanaweza kunywa chungu kimoja, mmoja akalala na mwingine akahesabu mbao za dari.

Hapa sarufi yetu inasaidia. Kama funga inavyozaa fungua, ziba inazaa zibua na zibuka: kiambishi kile kile cha kutengua. Ini linapoondoa kafeini, vipokezi vinazibuka, na adenosini iliyorundikana usiku kucha inaingia kwa wingi. Ndiyo sababu uchovu unarudi ghafla, mara nyingine katikati ya mtihani. Kitu "kilichofukuzwa" kisingekuwa karibu hivyo.

Ubongo nao haukai kimya. Kwa mtu anayekunywa kila siku, unaweza kuongeza vipokezi, hivyo kikombe kimoja hakizibi tena kama mwanzoni. Akiacha ghafla, adenosini hukuta nafasi nyingi zilizo wazi: kichwa kinauma, mwili unalegea. Dalili hizo huanza kwa kawaida kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, na huisha ndani ya siku chache, hadi kama juma moja. Anayepunguza kidogo kidogo hupata shida ndogo zaidi.

Kwa hiyo tukiandika au kutafsiri habari za kahawa kwa Kiswahili, tuchague kitenzi kwa uangalifu. Anayesoma kwamba kahawa "inafukuza" usingizi ataamini deni lake limefutwa. Anayesoma kwamba "inaziba" ataelewa kuwa deni liko palepale, na kwamba kinacholilipa ni kulala.