«Unipeko mayi»: -ko ni klitiki au kiambishi?

Katika data za Lubumbashi tunazosoma darasani, sentensi ileile huandikwa namna mbili: «unipe ko mayi» na «unipeko mayi». Anayehesabu maneno lazima achague, na hapo nafasi kati ya herufi haimsaidii. Inabidi kupima.

Tuanze na -ni ya mahali. Inachagua sana: hushika nomino, tena si zote. Tunasema sokoni na nyumbani, lakini hakuna asemaye *Mitwabani (kinyota kinaonyesha umbo lisilokubalika). Nomino ikiwa na kivumishi, -ni haihamii mwisho wa kirai: *nyumba kubwani. Zaidi ya hayo, inagusa sarufi ya jirani, maana nyumba yangu inakuwa nyumbani kwangu. Uchaguzi, mapengo, upatanisho mpya: hicho ni kiambishi.

Na ya kuunganisha ni kinyume chake. Tunaiandika peke yake, lakini haiwezi kuwa jibu la swali, na katika matamshi ya kawaida haina mkazo wake. Inaegemea neno linalofuata. Neno hilo laweza kuwa lolote: na mtoto, na huyu, na jana, na akalala. Kitu kinachoegemea kama kiambishi lakini hakichagui kinachokiegemeza, ndicho ninachokiita klitiki.

Sasa -ko, ile inayolainisha ombi au kudai kiasi kidogo. Neno huru si: mkazo wa unípe unahama na kuwa unipéko, silabi ya pili kutoka mwisho. Wengi huishia hapo na kusema «basi ni kiambishi». Siwafuati, kwa sababu mkazo unatuambia tu kwamba -ko imo ndani ya neno la kimatamshi. Klitiki nayo yaweza kuwamo.

Kipimo chenye nguvu zaidi ni uchaguzi. Mwaka 1983 Arnold Zwicky na Geoffrey Pullum walikitumia, pamoja na vingine, kudai kwamba kikanushi kifupi cha Kiingereza, kilichozoeleka kuitwa klitiki, ni kiambishi. Kwa kipimo hicho -ko inavutwa upande wa kiambishi: inashika kitenzi, na *mayiko kwa maana ya «maji kidogo» sikubali. Lakini linganisha na -ni ya wengi: soma huwa someni, a ikageuka e. -ko haigeuzi kitu. Unipe inabaki unipe, na ukiiondoa sentensi inasimama, ila ombi limekuwa kavu.

Kwa hiyo ninaiandika pamoja na kitenzi, unipeko, na katika uchambuzi ninaitenga kwa alama ya sawasawa, unipe=ko, alama ya klitiki, badala ya kistari cha kiambishi. Atakayeniletea vitenzi vya kawaida vinavyoikataa bila sababu ya kimaana, yaani mapengo kama lile la Mitwaba, nitarudisha kistari.