Nasikia Vizuri, Nyinyi Ndio Mnanong'ona

Ukimwuliza Guka kama masikio yake yana shida, atakuambia kwamba usiku alisikia mvua ikigonga mabati, alfajiri akasikia lori la maziwa likipanda mlima kabla halijafika kwenye kona, na kwamba mbwa wa jirani akibweka, yeye ndiye wa kwanza kuamka. Hasemi uongo. Mzee huyu wa Njoro tumembuni kwa ajili ya kijitabu hiki, lakini wahudumu wa kliniki za masikio wanawajua wenzake wengi. Alikaa miaka zaidi ya 30 juu ya trekta isiyo na kibanda, akilima mashamba ya ngano hadi Mau Narok, kisha uzee nao ukaongeza yake.

Jioni moja Shosho alimwambia, "Fundi amefika."

"Ameshika nini?" Guka akauliza.

Shosho akarudia kwa sauti ya juu, Guka akanuna. "Kwani lazima unipigie kelele? Mimi nasikia. Sema tu vizuri."

Wote wawili walikuwa sawa. Ndani kabisa ya sikio mna kijumba kilichojikunja kama konokono, na humo mna chembe zenye vinywele vidogo sana ambazo hupokea sauti na kuipeleka kwenye neva. Zile zinazopokea sauti nyembamba zimekaa mlangoni, na ndizo zinazotangulia kufa kwa kelele na kwa umri. Zikishakufa hazioti tena. Zile za sauti nene ziko ndani zaidi na hudumu miaka mingi. Ndiyo maana lori, ngurumo na mbwa Guka huvisikia kama zamani, huku s, f, sh, t na k zikimpotea, kwa kuwa herufi hizo ni pumzi nyembamba tu. Irabu zinabaki. Kwa hiyo anasikia vizuri kwamba mtu anaongea, ila maneno yanamfikia yakiwa na mapengo, naye huyajaza kwa kubahatisha. Ukimpigia kelele unaongeza zaidi irabu, ambazo tayari anazo, na unamfanya aamini kwamba umekasirika.

Binti yake alimpeleka kwenye kliniki ya masikio mjini Nakuru. Kwanza mhudumu alimulika ndani ya masikio, akakuta nta imeziba upande mmoja. Akamtuma nyumbani na mafuta laini ya zeituni ya kudondoshea ili nta ilainike, kisha wakaitoa. Hatua hii haifai kurukwa, kwa sababu kuna wazee ambao shida yao yote ni nta, na wengine wameisukuma wenyewe ndani kwa kijiti cha pamba. Baada ya hapo Guka aliketi katika chumba kimya, akavishwa vifaa vya masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila anaposikia mlio, hata ukiwa hafifu namna gani.

Matokeo huandikwa kwa desibeli, na huonyesha sauti ya chini kabisa ambayo sikio limeweza kuipata. Mtu mwenye masikio mazima huipata kabla ya kufika 20. Kwa sauti nene Guka alihitaji 30, kwa zile zinazofuata 40, halafu 55, na kwa zile nyembamba 70. Ukizijumlisha na kugawanya kwa nne unapata kama 49. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani huo ni upungufu wa kadiri, ambao huanzia 35 na kuishia kabla ya 50. Sikio la kushoto lilikuwa nyuma kidogo ya lile la kulia. Hilo huonekana kwa madereva wa trekta: mtu akigeuka kulia kuangalia jembe linavyokata, sikio la kushoto ndilo linalobaki likielekea injini.

"Mzee, vifaa vya kusikia vitakusaidia," mtaalamu alimwambia.

Guka alikataa, na akaendelea kukataa kwa miaka miwili. Alisema bei ni kubwa, na kweli kifaa kimoja huweza kugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Alisema jirani yake anacho, nacho humpigia mluzi kanisani mpaka mhubiri anyamaze. Lakini sababu aliyoiamini kuliko zote ilikuwa ileile ya mvua na lori. Mtu hawezi kujua asichokisikia. Mzee asiyeona vizuri hugundua siku anaposhindwa kusoma gazeti. Asiyesikia vizuri hugundua tu kwamba siku hizi watu wamekuwa wakinong'ona.

Kisha mjukuu wake akaolewa. Harusi ilikuwa uwanjani, mahema yamepangwa, spika kubwa mbili zikitikisa viti vya plastiki. Muziki Guka aliusikia mpaka kifuani, na alifurahi. Baada ya keki kukatwa, bibi harusi alichukua maiki. Alisimulia mwaka alioitwa Chuo Kikuu cha Egerton, nyumbani kukiwa hakuna hata nauli, jinsi Guka alivyouza ng'ombe wake wawili wa maziwa bila kumwambia mtu, na jinsi yeye alivyokuja kujua miaka mitatu baadaye alipouliza mbona zizi lilikuwa tupu. "Guka," akasema, "naomba usimame, nikuletee keki kwa mkono wangu mwenyewe."

Sauti ya msichana ni nyembamba. Ilipita kwenye spika, ikagonga turubai, ikarudi imechanganyika na mwangwi wake. Kwa Guka ilikuwa mlio tu. Akaona watu wote wamenyamaza na kumtazama, akakisia kwamba ni maombi. Akavua kofia, akainamisha kichwa na kufumba macho.

Baadhi ya vijana walicheka. Bibi harusi akamwita tena, na tena, halafu akakusanya gauni lake, akatembea mpaka alipokuwa.

Jumatatu Guka aliuliza kwa nini mjukuu wake alikuwa akilia. Binti yake akamkalisha uso kwa uso, akamsimulia hotuba yote polepole. Mzee alinyamaza kwa muda. "Nilidhani ni maombi," akasema. Halafu akauliza kile kikaratasi cha kliniki kiliwekwa wapi.

Hapa ndipo familia nyingi hudhani kazi imekwisha, kumbe ndipo inapoanza. Guka alipewa vifaa viwili vya kuvaa nyuma ya sikio, kila kimoja na kizibo kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lake. Aliambiwa avae saa moja au mbili kwa siku, nyumbani, akizungumza na mtu mmoja, aongeze kidogo kidogo, na soko na kanisa viwe vya mwisho. Yeye alivivaa siku hiyohiyo akaenda navyo stendi ya matatu. Honi, makanga na milango ya magari vilimwingia vyote kwa pamoja, na jioni vifaa vikatupwa ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Ubongo ambao haujapata sauti nyembamba kwa miaka mingi umesahau kuzipuuza. Sahani zikigongana zinauma, gazeti likikunjuliwa linakera, hata sauti ya mtu mwenyewe inamshangaza. Kuzoea huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Binti alimrudisha kliniki, na mtaalamu akaunganisha vifaa na kompyuta, akapunguza sauti nyembamba ili ziongezwe polepole katika ziara zitakazofuata. Kurekebishwa huku ndiko kunakotofautisha kifaa kilichopimwa na vile vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa barabarani. Kikuza sauti huongeza kila kitu kwa pamoja, hata zile sauti nene ambazo Guka hazikuwa zimempotea.

Na ule mluzi wa jirani? Kizibo kikilegea, sauti iliyokwisha kukuzwa huvuja nje na kuingia tena kwenye kipaza sauti cha kifaa, ikazunguka hivyo mpaka ilie. Kwanza kisukume kikae vizuri. Mluzi ukiendelea, angalia kama kuna nta, kwenye kizibo au ndani ya sikio. Bado kikilia, huenda kizibo hakitoshi tena na kinahitaji kutengenezwa upya. Kizibo hutolewa kwenye kifaa na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kifaa chenyewe hakiguswi na maji, hupanguswa kwa kitambaa kikavu.

Betri za vifaa hivi nazo zina tabia zake. Aina inayotumika kwenye vifaa vingi hufanya kazi kwa hewa, na huwa na kibandiko cha rangi. Ukikibandua, acha betri ipigwe na hewa kama dakika moja kabla ya kuiingiza. Tangu hapo inaanza kuisha hata kifaa kisipovaliwa, kwa hiyo usibandue betri nne kwa mara moja. Usiku fungua kijimlango cha betri. Moja hudumu kama wiki moja au mbili, kutegemea ukubwa wake na matumizi. Weka mpya na zilizokwisha mahali ambapo watoto hawafiki. Mtoto akimeza, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu zinaweza kumchoma ndani.

Nanyi mnaoishi na mzee mna sehemu yenu. Mwite jina kwanza, akugeukie, ndipo useme. Zima televisheni. Simama penye mwanga unaokuangukia usoni, ongea polepole kidogo bila kupayuka, na asipoelewa usirudie sentensi ileile, iseme kwa maneno mengine. Vifaa hufanya kazi vizuri zaidi mtu akiwa karibu, kama mita moja au mbili. Ndani ya hema lenye mwangwi havifanyi miujiza, na Guka alipoalikwa kwenye sherehe nyingine ya familia aliketi meza ya mbele, msemaji akiwa mkabala naye, na mjukuu alikuwa amempa hotuba kwenye karatasi tangu jana yake.

Kuhusu gharama, uliza pia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hutoa vifaa vya usaidizi kwa waliosajiliwa. Usajili huanza kwa kupimwa hospitalini, kwa hiyo ile chati ya kliniki isitupwe.

Yote haya ni kwa sikio lililopungua taratibu kwa miaka. Sikio linalotoa usaha, linalouma, lenye kizunguzungu, au lililopungua upande mmoja tu, linahitaji daktari kabla ya kifaa. Na mtu akiamka asubuhi sikio moja limeziba ghafla bila sababu, msingoje miadi ya mwezi ujao wala msidhani ni baridi: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa yake hufaa zaidi ikianzishwa ndani ya siku chache za mwanzo.