Wadhamini Wamekataa Kulipa? Kalenda Yako Ianze Leo

Barua ya kukataliwa pensheni huja na lugha nzito na sahihi ya mtu usiyemjua. Wengi hapa Ogwedhi huikunja, wakaipeleka kwa chifu, kisha wakaiweka kwenye sanduku pamoja na kitambulisho cha marehemu. Sheria ya Kenya ina njia ya kuipinga, nayo ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Kinachowaangusha ni kuruka hatua na kupoteza siku.

1. Kwanza jua pensheni yako ni ya nani. Mwalimu wa zamani anayelipwa na Idara ya Pensheni ya Hazina ya Taifa hana njia moja na mlinzi aliyekatwa mshahara kila mwezi kwa mpango wa mwajiri wake. Vidokezo hivi ni vya huyo wa pili: mipango iliyosajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, chini ya sheria ya 1997. Mwalimu wetu aanzie kwa idara yenyewe, na akizungushwa apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Kulalamika huko hakulipiwi.

2. Omba sababu kwa maandishi, na uombe kanuni za mpango. Tuchukue mfano wa mjane wa Ogwedhi, mke wa pili wa mlinzi wa kampuni. Wadhamini wanamwandikia sentensi moja tu: "Jina lako halimo kwenye fomu ya uteuzi." Asiishie hapo kulia. Kifungu cha 36A cha sheria ya RBA kinasema mafao ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi yake. Wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mpango. Kwa hiyo kesi ya mama huyu haiko kwa wazee wa ukoo wala kwenye fomu peke yake. Iko ndani ya kanuni, mahali zinapoeleza ni nani anayehesabiwa kuwa mtegemezi, na wadhamini wafanye nini wakimkuta mtegemezi ambaye fomu ilimsahau. Mara nyingi fomu yenyewe ilijazwa siku ya kuajiriwa, kabla hata hajaolewa.

Sheria ya 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala inampa haki ya kupewa sababu. Wakikataa kuzitoa na shauri likafika mbele, uamuzi wao utachukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri mpaka wathibitishe vinginevyo. Kwa hiyo barua ya kuomba sababu ina kazi hata isipojibiwa, mradi una nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

3. Peleka ombi la mapitio kwa Afisa Mkuu Mtendaji wa RBA. Hiki ni kifungu cha 46, na ndicho watu wanachokiruka. Ombi liwe la maandishi, na nakala yake lazima wapewe wadhamini au msimamizi uliyemlalamikia. Kifungu hakikuwekei idadi ya siku za kupeleka ombi, lakini usilalie hapo. Mashahidi huhama na makarani hustaafu.

Mjane atauliza: mimi si mwanachama, nitasikilizwa? Atasikilizwa. Sheria inamhesabu kuwa mwanachama pia mtu anayestahili au anayepokea mafao ya mpango.

Sasa jambo la kuandika. Afisa huyo hapimi nani ameteseka zaidi. Anaangalia kama uamuzi ulifuata kanuni za mpango na sheria. Kurasa tatu za habari za karo na njaa hazitamsaidia kuamua. Mama wetu aandike hivi: kanuni fulani ya mpango inamtambua mke kuwa mtegemezi, hiki hapa cheti cha ndoa ya kimila au kiapo, hii hapa barua ya chifu, hivi ni vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye jina la marehemu, wadhamini hawakuuliza kuhusu haya kabla ya kuamua, ninaomba uamuzi upitiwe upya na malipo yasitolewe kwa mwingine kabla ya jibu. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Ombi la mwisho lile, la kuzuia malipo, watu husahau kuliandika, na pesa ikishagawanywa kuirudisha ni kazi nyingine kabisa.

4. Usikimbilie mahakama. Wakili wa mjini anaweza kukwambia twende moja kwa moja Mahakama Kuu. Mwulize kwanza kuhusu wastaafu wa Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Walishtaki wadhamini wa mpango wao wa pensheni, shauri likapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 mahakama hiyo ikaamua kwamba Mahakama Kuu haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza: walipaswa kuanza kwa Afisa Mkuu Mtendaji wa RBA, kisha jopo la rufaa. Ni kesi ya Albert Chaurembo Mumba na wenzake dhidi ya Maurice Munyao na wenzake. Miaka ya kesi ilikwenda, na swali lililojibiwa lilikuwa mlango gani wa kubisha.

5. Siku 30 ni za hatua hii. Ukipokea uamuzi wa Afisa Mkuu Mtendaji na hukuridhika, kifungu cha 48 kinakupa siku 30 tangu ulipoupokea kukata rufaa kwa Jopo la Rufaa za Mafao ya Kustaafu. Jopo hili halimo mfukoni mwa RBA. Liliundwa na sheria hiyohiyo lisikilize malalamiko dhidi ya maamuzi ya RBA yenyewe.

Hesabu hivi. Mama anapokea barua Jumatano, 4 Machi 2026. Siku ya kupokea haihesabiwi. Ya kwanza ni tarehe 5. Siku ya 30 ni 3 Aprili, nayo ni Ijumaa Kuu. Sheria ya ufafanuzi wa sheria inasema siku ya mwisho ikiangukia sikukuu, Jumapili au siku nyingine rasmi isiyo ya kazi, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata, ambayo hapa, baada ya Jumatatu ya Pasaka, ni Jumanne tarehe 7. Huo ndio ukomo. Binafsi ningekuwa nimeshawasilisha kufikia tarehe 20 Machi, kwa sababu basi la Nairobi, ada na karatasi iliyokosekana havijui Pasaka.

Andika tarehe ya kupokea juu ya barua yenyewe, na uhifadhi bahasha yenye mhuri wa posta. Kama ilikuja kwa barua pepe ya mwanao, usiifute.

Mtego mmoja huwanasa hata wasomi: baada ya uamuzi, wanamwandikia tena Afisa Mkuu barua ya kumwomba afikirie upya, wakangoja jibu kwa adabu. Barua ya kubembeleza haisimamishi siku 30. Ukitaka kuiandika, iandike; rufaa iende siku hiyohiyo.

6. Na RBA ikinyamaza? Bila uamuzi hakuna cha kukatia rufaa, kwa hiyo kimya ndicho kinachochosha zaidi. Andika ukumbusho ukitaja tarehe ya ombi la kwanza. Kimya kikizidi, Ombudsman hushughulikia pia ucheleweshaji wa ofisi za umma, na ana ofisi Kisumu, karibu zaidi kuliko Nairobi.

Ukiwa na barua ya uamuzi wa RBA nyumbani sasa hivi, itoe kwenye sanduku, tazama tarehe uliyoipokea, na uhesabu kabla ya kumpigia mtu yeyote simu.