Kwa Nini Ureno Inunue Nguo Inazoweza Kuzifuma?

Ni rahisi kueleza biashara baina ya nchi mbili iwapo kila moja hutengeneza kitu kisichowezekana kwa mwenziwe. Lakini je, nchi moja ikiwa hodari zaidi katika bidhaa zote mbili, ina haja gani ya kununua kwa mwenziwe? Swali hilo lilijibiwa na mwanauchumi Mwingereza David Ricardo mwaka 1817, kwa mfano wa Uingereza na Ureno.

Katika mfano wake, kipimo kimoja cha nguo huhitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka nchini Uingereza, na kipimo kimoja cha mvinyo watu 120. Nchini Ureno, nguo huhitaji watu 90 na mvinyo 80. Ureno, basi, yaishinda Uingereza kwa yote mawili.

Kosa la kawaida darasani ni kulinganisha 90 na 100, kisha kuishia hapo. Linalopasa kuulizwa ni hili: ili kupata kipimo kimoja cha nguo, nchi huacha mvinyo kiasi gani? Watu 90 wa Ureno wangeweza kutoa vipimo 90/80 vya mvinyo, yaani 1.125. Watu 100 wa Uingereza wangetoa 100/120 tu, yaani takriban 0.83. Kwa hiyo nguo ni ghali Ureno na rahisi Uingereza. Hii ndiyo nafuu ya kulinganisha.

Sasa tuseme Uingereza yafuma vipimo viwili vya nguo kwa watu 200, Ureno yatengeneza vipimo viwili vya mvinyo kwa watu 160, kisha zabadilishana kipimo kwa kipimo. Kila nchi yapata nguo na mvinyo kama awali. Lakini hapo awali Uingereza ilitumia watu 220, na Ureno 170. Uingereza imeokoa kazi ya watu 20, na Ureno ya watu 10.

Bei ya kubadilishana, hata hivyo, ina mipaka. Ureno ikidaiwa vipimo 1.25 vya mvinyo kwa kimoja cha nguo, itatumia watu 100 kupata kile ambacho watu 90 wake wangekifuma. Hapo itajitoa.

Yafaa pia kukumbuka kwamba hesabu hii haikutia gharama za usafiri, wala haielezi hali ya mfumaji wa Ureno aliyepoteza kazi. Watu waliookolewa ni faida endapo tu watapata shughuli nyingine. Tena imechukuliwa kwamba wafanyakazi na mitaji havivuki mpaka. Ricardo mwenyewe alikiri kwamba vingevuka kwa urahisi, ingefaa bidhaa zote mbili zitengenezwe Ureno.

Zoezi: Kipimo kimoja cha nguo kikibadilishwa kwa 0.8 cha mvinyo, ni nchi gani itakayokataa? Onyesha kwa idadi ya watu.