Barua ya kuomba kazi nyepesi baada ya kuumia mgongo

Daktari akishakupima mgongo, mara nyingi hukuandikia mstari mmoja tu: apewe kazi nyepesi kwa wiki nne. Ukiipeleka karatasi hiyo kazini kama ilivyo, msimamizi wako ndiye atakayeamua wepesi ni upi. Kwa mtu anayeshinda akiangalia watu wakibeba saruji, ndoo ya rangi ya lita 20 ni kitu chepesi, ingawa uzito wake unazidi kilo 20. Mwingine atakupandisha kwenye foklifti akidhani amekuonea huruma kwa kuwa utakuwa umekaa tu, kumbe kutikiswa na kiti kile kutwa nzima kunauumiza mgongo upya. Kwa hiyo barua yako iseme wepesi huo kwa kilo, kwa dakika na kwa tarehe.

Vipimo hivyo vinatoka kwa daktari, na wakati wa kuviuliza ni kabla hujatoka chumbani mwake. Muulize usinyanyue zaidi ya kilo ngapi, ukae au usimame kwa muda gani kabla ya kubadili mkao, na urudi lini kupimwa. Mwombe ayaandike hayo kwenye karatasi yenye mhuri. Jina la ugonjwa si lazima liingie kwenye barua, wala picha ya eksirei usiiambatishe. Eksirei inaonyesha mifupa. Msuli uliovutika na diski iliyosogea havionekani humo, na bosi akisikia kwamba picha haina kitu ataanza kukushuku bure.

Wapo watakaokushauri uombe ED ukalale nyumbani mwezi mzima. Kwa mgongo uliovutika tu, kulala sana hakusaidii. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache wakiendelea kutembea na kufanya shughuli ndogo. Tena kwa sheria ya ajira ya Tanzania, likizo ya ugonjwa ina kikomo: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Siku unayofanya kazi nyepesi umo kazini, kwa hiyo haikatwi humo. Lakini ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo unatoka wenyewe au unagoma, au mguu unalegea, achana na barua kwanza, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Tuchukue mfano wa mpakiaji wa ghala la vifaa vya ujenzi Vingunguti. Aliumia akishusha mifuko ya saruji ya kilo 50, akapumzishwa siku chache, kisha daktari akamruhusu kurudi kwa masharti. Barua yake ingeweza kuwa hivi:

Mpakiaji, Ghala Na. 2
9 Mei 2026

Meneja Rasilimali Watu
Kupitia kwa: Msimamizi wa Ghala

YAH: OMBI LA KUPANGIWA KAZI NYEPESI KUANZIA TAREHE 11 MEI HADI 6 JUNI 2026

Jumatatu tarehe 4 Mei, saa nne asubuhi, niliumia mgongo nikishusha saruji kwenye lori katika Ghala Na. 2. Nilimjulisha msimamizi saa hiyohiyo, nikapelekwa hospitali.

Daktari ameniruhusu kurudi kazini kwa masharti yafuatayo, kama karatasi niliyoambatisha inavyoeleza. Nisinyanyue mzigo unaozidi kilo 5. Nisifanye kazi ya kuinama na kujipinda mara kwa mara. Nisikae wala kusimama mahali pamoja zaidi ya dakika 30 bila kubadili mkao. Nisiendeshe foklifti.

Katika muda huo ninaweza kuhesabu mali, kujaza leja ya stoo, kukagua hati za mizigo getini na kuwaelekeza madereva mahali pa kushushia. Ninaomba saa zangu za kazi na mshahara wangu vibaki kama vilivyo.

Napendekeza tukutane na msimamizi Jumamosi tarehe 23 Mei tuangalie mpangilio unavyokwenda. Ijumaa tarehe 5 Juni nitarudi hospitali kupimwa, na majibu nitayaleta siku inayofuata.

Wako mtiifu,
(Sahihi na jina)

Angalia kwamba hakuna ile sentensi ya "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu". Mazoea ya ofisini yanaipenda, ila hapa inachukua nafasi ya sentensi ya kwanza, na sentensi ya kwanza ndiyo inayobeba tarehe, saa na mahali ulipoumia. Ajali ikiwa ya kazini, maelezo hayo yatahitajika kwenye madai ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na barua iliyoandikwa siku chache baada ya tukio inaaminika kuliko kumbukumbu za miezi sita baadaye. Yaandike bila lawama. Nani alijaza lori kupita kiasi ni habari ya siku nyingine. Kama uliumia nyumbani ukihamisha kabati, usiseme ni kazini. Anza na masharti ya daktari, ombi linabaki ombi.

Aya ya kazi unazoziweza ndiyo watu wanayoiruka, na mimi naona ndiyo inayofungua mlango. Meneja akisoma usiyoyaweza peke yake, anaona pengo kwenye zamu na mshahara unaokwenda bure. Mtajie kazi ambazo zipo kweli hapo ghalani, hasa zile zinazolala kwa kukosa mtu. Usitaje kazi ya mwenzako aliyepo, maana utapewa majibu na yeye kabla ya meneja.

Suala la malipo lina mtego kwa wanaolipwa kwa gunia au kwa lori. Ukisema "mshahara ubaki kama ulivyo" na wewe huna mshahara wa mwezi, umeomba kitu kisichokuwapo. Taja wastani wa kipato chako cha miezi mitatu iliyopita, uombe malipo ya kutwa yanayokaribiana nacho, na uwe tayari kujadiliana.

Chapa nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe na sahihi ya aliyeipokea, uende nayo nyumbani. Ukijibiwa kwa mdomo, "sawa, kaa getini", mwandikie msimamizi ujumbe mfupi wa simu siku hiyohiyo: "Bosi, nashukuru. Kama tulivyoongea, kuanzia Jumatatu nitakuwa getini hadi tarehe 6 Juni, na sitabeba zaidi ya kilo 5." Hapo makubaliano yameandikwa bila kumkera mtu.

Taabu kwa kawaida huja wiki ya pili, maumivu yakishapungua. Lori linaingia jioni, watu ni pungufu, na mtu anakwambia, "Kaka, shika huku kidogo tu." Ukishika siku hiyo, kesho yake hakuna atakayeamini kilo 5 zako, na mgongo ukirudi kuuma utaulizwa kwa nini ulikiuka masharti uliyoyaleta mwenyewe. Onyesha nakala, au mpigie msimamizi achague yeye nani ashike.

Wiki nne zikikaribia kuisha na bado huwezi, usingoje tarehe 6 ipite. Peleka karatasi mpya ya daktari na barua ya aya moja inayotaja barua ya tarehe 9 Mei, kilichobadilika na tarehe mpya ya mwisho. Kama daktari amepandisha kiwango hadi kilo 15, andika hivyo, kwa sababu meneja anayeona kilo zikipanda anaelewa kwamba unarudi. Na ukipona kabla ya muda, andika pia, ukiambatisha ruhusa ya daktari, ndipo uuguse mfuko wa saruji.