SOMO: MSWADA WA FUNDI CHEREHANI WA SEKUNDE 40

Siku hizi mafundi cherehani wengi wa magulio wana simu ya mkononi inayopiga video. Fundi anaweza kuwaonyesha watu nguo jinsi ilivyokuwa kabla hajaishona, na jinsi ilivyo baadaye. Katika somo hili tutajifunza kuandika mswada wa video ya namna hiyo. Mswada ni maandishi yanayoeleza mambo mawili: kitakachoonekana na kitakachosemwa. Huandikwa kabla ya kupiga picha.

Tuchukue mfano wa shati la mtumba la mikono mifupi.

1. KUPIMA KWANZA

Mteja amenunua shati pana. Fundi anachukua futi kamba na kupima kifua cha mteja. Ni inchi 38. Anapima shati kuzunguka kifuani. Ni inchi 46. Mtu hawezi kuvaa shati lililo sawasawa na mwili wake, maana atashindwa kupumua na kuinama. Kwa hiyo fundi anaongeza inchi 4 za nafasi. Shati linatakiwa liwe inchi 42. Basi za kuondoa ni inchi 4.

Je, atapiga chaki inchi ngapi kila upande? Wengi watajibu inchi 2. Hapana! Ubavu mmoja una nguo mbili, ya mbele na ya nyuma. Ukibana inchi 1 umeondoa inchi 1 mbele na inchi 1 nyuma. Hizo ni 2. Na mbavu ni mbili, kwa hiyo jumla ni inchi 4. Fundi atapiga chaki inchi 1 tu kila upande. Akipiga 2 ataondoa inchi 8, na shati litakuwa sawasawa na kifua cha mteja, bila nafasi yoyote.

Halafu fundi anatazama mabega. Mshono wa bega ukiishia penye ncha ya bega, kazi ni ya ubavuni tu. Mshono ukishuka mkononi, kubana ubavu hakutasaidia. Itabidi kufumua mikono na kuishona upya. Hiyo ni kazi nyingine, na bei yake ni nyingine. Jambo hili lazima lisemwe katika video. Lisiposemwa, kesho atakuja mtu mwenye shati lililomshuka mabega, atake bei ile ile aliyoisikia, na hapo ugomvi utaanza.

2. KUHESABU MANENO

Sekunde 40 ni chache. Mtu akisema taratibu, maneno kumi humchukua sekunde 5 au 6. Lakini usijaze sekunde zote kwa maneno. Watu wanataka kuona. Mswada ufuatao una maneno 46 tu ya kusema.

3. MSWADA WENYEWE

Sekunde 0 hadi 6. Mteja amesimama, amefunga vifungo vyote. Anageuka ubavu.
Fundi: "Shati hili la mtumba ni zuri, lakini linampwaya."

Sekunde 6 hadi 12. Fundi anagusa mshono wa bega, kisha anavuta nguo ya ubavuni kwa vidole.
Fundi: "Mabega yamekaa sawa. Nguo imezidi ubavuni, inchi nne."

Sekunde 12 hadi 18. Shati limegeuzwa ndani nje, limelazwa mezani. Mkono unapiga chaki.
Fundi: "Napiga chaki inchi moja kila upande, toka kwapani hadi pindo."

Sekunde 18 hadi 24. Cherehani inashona juu ya chaki. Fundi hasemi neno. Mlio wa cherehani unatosha.

Sekunde 24 hadi 28. Mkasi, kisha pasi.
Fundi: "Nakata ziada, napiga pasi."

Sekunde 28 hadi 35. Mteja amesimama pale pale pa mwanzo. Anageuka mzima, kisha ananyanyua mikono yote miwili.
Fundi: "Sasa tazama. Anageuka. Ananyanyua mikono. Nyuma hakuna pini."

Sekunde 35 hadi 40. Fundi na mteja wamesimama pamoja.
Fundi: "Bei shilingi elfu tatu. Nipo gulioni kila Jumamosi."

Bei hii ni ya mfano. Wewe andika bei yako na siku yako.

4. KWA NINI MTEJA AGEUKE NA KUNYANYUA MIKONO

Nguo yoyote pana inaweza kuonekana imekaa vizuri ukiibana kwa pini mgongoni na kupiga picha ya mbele tu. Watu wanaujua ujanja huu. Mteja akigeuka, wataona kwamba nyuma hakuna kitu.

Kunyanyua mikono ni mtihani wa kwapa. Mshono mpya unatakiwa ufuate duara la kwapa la zamani. Fundi akilishusha duara hilo, shati litaonekana zuri mikono ikiwa chini. Lakini mikono ikipanda, shati zima linapanda nalo, na tumbo linaonekana. Ukiona hivyo katika video yako, usiitoe. Rudi kwenye cherehani kwanza.

5. MAMBO YANAYOHARIBU VIDEO

La kwanza ni kusahau picha ya mwanzo. Mkasi ukishapita, shati la jana halirudi. Kwa hiyo sehemu mbili za kwanza zipigwe kabla ya chaki. Ukisahau, usitafute shati jingine linalofanana. Mteja wako atalijua, na atawaambia wenzake.

La pili ni kubadilisha mahali. Ukipiga picha ya mwanzo kivulini na ya mwisho juani, mtazamaji hajui kilichobadilika ni shati au ni mwanga. Chora alama ya chaki chini pale mteja aliposimama. Iegemeze simu juu ya kiti hicho hicho. Jua liwe nyuma ya mwenye kupiga, si nyuma ya mteja, maana mteja atageuka mweusi kama kivuli.

La tatu ni kelele. Gulio likichangamka, sauti ya fundi humezwa. Piga sehemu za maneno asubuhi kabla watu hawajajaa, au sogea karibu na simu.

Pia omba ruhusa kwa mteja kabla ya kuanza. Asiyependa sura yake ionekane, piga kuanzia shingoni kwenda chini. Shati ndilo linalotazamwa.

6. KUJARIBU

Video ikiisha kuunganishwa, izime sauti. Mwonyeshe jirani ambaye hakuwapo wakati wa kazi. Muulize, "Hapa kimebadilika nini?" Akijibu, "Shati limepunguzwa ubavuni," video yako ni nzuri. Akijibu, "Sijui, naona mtu anageuka tu," basi picha ya mwanzo haikuonyesha upana wa shati. Wakati mwingine fundi avute nguo ya ubavuni kwa vidole zaidi, na asiharakishe.

MASWALI

1. Shati lina inchi 50 kuzunguka kifuani. Kifua cha mteja ni inchi 40. Ukiacha inchi 4 za nafasi, utapiga chaki inchi ngapi kila upande? (Jibu: inchi 1 na nusu.)
2. Kwa nini fundi anasema "mabega yamekaa sawa" katika mswada?
3. Picha gani mbili lazima zipigwe mahali pamoja?
4. Chagua kazi moja unayoijua, kama kufupisha suruali au kubana sketi. Andika mswada wake wa sekunde 40. Soma kwa sauti huku mwenzako akitazama saa. Ukipita sekunde 40, futa maneno, usiongeze mwendo wa kusoma.