Chai juu ya maharagi: chuma kinapotelea wapi?



Katika vikundi, swali moja linarudi mara kwa mara: "Sisi tunakula maharagi na sombe kila siku, na munatuambia vyakula hivyo vina chuma. Mbona mtoto wangu bado anakosa damu?" Ni swali zuri. Jibu ni kwamba chuma kilicho kwenye sahani si chuma kilichofika kwenye damu. Chuma cha nyama kinaingia mwilini kwa urahisi. Chuma cha mimea ni kigumu kuingia, na kinategemea sana kile tunachokula na kunywa pamoja nacho.

Tuhesabu sahani moja

Tuchukue mama mmoja wa Butembo. Saa ya mchana anakula maharagi, tuseme gramu 100 yakiwa makavu. Ndani yake kuna karibu miligramu 6 za chuma. Katika kila sehemu 100 za hicho chuma, mwili unachukua karibu 5 tu. Kwa hiyo anapata miligramu 0.3. Lakini mwanamke anayepata hedhi anahitaji karibu miligramu 1.5 ziingie kwenye damu kila siku.

Sasa huyu mama anamaliza kula na papo hapo anakunywa kikombe cha chai nzito. Chai ina kitu kinachoitwa tanini, ndicho kinachokausha ulimi tukinywa. Tanini inakamata chuma tumboni, na chuma kilichokamatwa kinatoka chooni. Chai ya namna hii inaweza kuondoa zaidi ya nusu ya kile ambacho kingeingia. Ile 0.3 inabaki karibu 0.1. Kahawa nayo inafanya vilevile, na kuongeza maziwa hakutoshi kuokoa chuma.

Siku nyingine anaacha chai, anakula kipande kikubwa cha papai pamoja na maharagi yaleyale. Vitamini C ya papai inashika chuma mbele ya vile vizuizi, inakisaidia kupita. Ile 0.3 inaweza kufika 0.6. Maharagi ni yaleyale na bei ni ileile, lakini kati ya siku ya chai na siku ya papai, damu imepata mara sita.

Hesabu hii ni ya kukadiria, maana mwili uliopungukiwa chuma unavuta zaidi. Ila njia ni hiyo.

Saa ya chai

Hatusemi watu waache chai. Tunasema isogezwe. Kungoja saa moja baada ya kula kunapunguza hasara, lakini hakuimalizi. Masaa mawili ni bora. Chai ya saa kumi, wakati tumbo halina maharagi, haina shida.

Papai, chungwa na moto

Huko Beni mipapai inakatwa ngozi ya tunda ili kupata utomvu wa kuuza. Tunda lenyewe, likiiva, ni dawa ya sahani yetu. Chungwa, pera na limau pia vinafaa. Sharti ni moja: liliwe katika mlo uleule. Chungwa la asubuhi halisaidii maharagi ya jioni.

Tena vitamini C inaharibika kwa moto. Ndiyo sababu sombe iliyochemka masaa mengi haina tena vitamini C ya kutosha, ingawa chuma chake kipo, kwa kuwa chuma hakiungui. Limau tusiikamulie ndani ya sufuria inayochemka. Tuikamulie kwenye sahani.

Kuloweka maharagi

Maharagi yana kizuizi chake, kinachoitwa fitati. Tuyaloweke usiku kucha, asubuhi tumwage yale maji, tupike kwa maji mapya. Sehemu ya fitati inaondoka, na pia makala yanapunguka. Kweli, vitamini kidogo zinaondoka na maji hayo. Matunda na majani mabichi yatazirudisha. Kuloweka peke yake hakumalizi kizuizi, kwa hiyo tusisahau tunda.

Mpaka wa chakula

Mtu mwenye viganja na ndani ya kope vyeupe, anayechoka haraka au kukosa pumzi, aende kituo cha afya apimwe damu. Malaria na minyoo vinamaliza damu, na papai haliviponyi. Mama mwenye mimba anayepewa vidonge vya chuma asivimeze kwa chai. Avimeze kwa maji. Anayebadilisha chakula asitazamie mabadiliko katika wiki moja. Damu inajengwa kwa miezi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Nyumbani kwenu chai inanywewa saa ngapi, na watoto wadogo wanapewa pia?
2. Ni tunda gani linapatikana shambani mwezi huu bila kununua?
3. Nani ataloweka maharagi leo usiku, na kutuambia yaliiva kwa muda gani?